Anasoma "baba" kuwa "dada", nimemwandikisha mpaka nimechoka

Shikamoo mwalimu. Nina binti yangu yuko darasa la pili, mwezi wa nne alitimiza miaka saba. Kusema anasema vizuri tu, stori za kwenye redio anazisimulia mwanzo mwisho, ila akishika kitabu b na d zinampiga chenga. "Baba" anasoma dada, "dawa" anasoma bawa, juzi kaandika "didi yangu" akimaanisha bibi yangu na bibi mwenyewe yupo pembeni anacheka. Nimemwandikisha b kurasa nne na d kurasa nne kila jioni, kurasa zinapendeza kabisa, kesho yake anarudi palepale. Nimeona vidio moja ya Kizungu wanamfundisha mtoto afanye kitanda kwa ngumi mbili, nimejaribu hajaelewa. Baba yake anasema ni uzembe, jirani anasema macho yapimwe, na mwingine kasema bakora mbili zitamkumbusha. Mimi sitaki kumpiga ila sijui nishike lipi. Nisaidie.
Mama wa Tanga

Marahaba mdogo wangu. Hiyo bakora tutaitumia ila siyo kwa namna anayosema huyo mwingine, subiri nitafika huko.

Kwanza nenda jikoni uchukue kikombe uweke mezani mkono wake ukiangalia kulia. Muulize mtoto hiki nini, atakwambia kikombe. Kigeuze mkono uangalie kushoto, muulize tena, atakushangaa maana ni kikombe kilekile. Mbuzi akitazama huku ni mbuzi, akigeuka kutazama kule bado ni mbuzi. Tangu anazaliwa macho na ubongo wake vimejifunza kwamba kitu hakibadiliki jina kwa kugeuzwa, na ni akili nzuri sana hiyo, bila hiyo angekuwa anampoteza mama yake kila akigeuka. Halafu siku moja anaingia shule anaambiwa hiki kijiti chenye tumbo kikiangalia huku kinaitwa hivi, kikiangalia kule kinaitwa vingine. Ndio maana watoto wengi sana wa miaka mitano, sita, saba wanachanganya, na wengi wao wala hawana tatizo lolote. Siyo uzembe. Macho kupima si vibaya, mtoto yeyote anayesoma apimwe, ila macho mabovu hayageuzi b ikawa d, yangeifanya iwe na ukungu tu. Hata wasomi wa zamani walihangaika na hili, daktari mmoja wa Marekani anaitwa Samuel Orton mwaka 1925 alikuwa anadhani ni pande mbili za ubongo zinashindana, maelezo ambayo yameshaachwa siku nyingi.

Sasa hapa Kiswahili kinatuonea kidogo. Mtoto akikosea herufi na neno likakosa maana, anashtuka. Ila akikosea "baba" anapata "dada", neno zima lenye afya, na sentensi inaendelea vizuri tu: dada analala, baba analala, zote sawa. Dawa na bawa, doti na boti, dua na bua la mahindi. Kwahiyo kumwambia "soma ujumla wa sentensi utajua" haimsaidii, inabidi herufi yenyewe ikae sawa.

Na zile kurasa nne ngoja nikwambie kilichotokea, maana nimeona madaftari ya namna hiyo mpaka basi. Kaa karibu naye leo umwangalie anavyoandika usiangalie alichoandika. Mstari wa kwanza anaandika b moja moja. Mstari wa tatu utaona anashusha vijiti vyote kwanza, kimoja, kingine, kingine mpaka mwisho wa mstari, halafu anarudi anabandika matumbo. Ukurasa unapendeza kweli, ila hapo hajaandika b hata moja, amechora uzio kisha akaupachika mipira. Anaweza kubandika tumbo upande wowote na mkono wake usijue tofauti. Kwahiyo hizo kurasa acha. b tano anazoandika vizuri huku anasema kwa sauti zinashinda b mia.

Kitu ambacho macho yanakichanganya mkono haukichanganyi, ndio siri yote. b na d kwa macho ni pacha, ila kwa mkono ni safari mbili tofauti kabisa. b inaanza juu, inashuka mpaka chini, inapanda tena hadi katikati kisha inazunguka kwenda kulia kama mshale wa saa. d inaanza katikati na duara, inazunguka kinyume cha mshale wa saa, halafu ndio inapanda mpaka juu na kushuka. Moja inaanza na kijiti, nyingine inaanza na duara. Mimi nawaambia watoto hivi: b ni bakora kwanza, d ni dafu kwanza. Bakora ni ile ya babu ya kutembelea, ndefu imenyooka, neno lenyewe linaanza na b. Dafu ni mviringo, linaanza na d, na mnazi unachorwa baadaye pembeni yake. Mchoree kabisa, bakora ina kitumbo upande wake wa kulia na dafu lina mnazi upande wake wa kulia. Na kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto, jicho nalo linakutana na bakora kwanza kwenye b na dafu kwanza kwenye d, kwahiyo maneno hayohayo mawili yanamsaidia kuandika na kusoma. (Hakikisha tu anajua ni bakora ya babu. Kuna mtoto niliwahi kumwambia bakora akaangalia mlango.)

Chagua msemo mmoja tu ushikilie huohuo wewe, baba yake na bibi. Ukimpa bakora leo, kesho kitanda, keshokutwa kitu kingine, unamwongezea vitu vya kuchanganya. Na uukague msemo wenyewe kabla hujampa. Zamani nilikuwa naambia watoto b ina tumbo mbele, d imebeba begi mgongoni, nikajiona mjanja. Wiki nzima watoto wanaandika b nikiwaambia begi, na wako sahihi, begi inaanza na b! Kile kitanda cha kwenye vidio shida yake ndio hiyohiyo. Kwa Kiingereza kitanda kinaitwa bed, kinaanza na b kinaishia na d ndio maana kinawafaa, kwetu kitanda kinaanza na k, mtoto ataona ngumi mbili tu hajui zinasema nini.

Jinsi ya kufanya. Wiki mbili za mwanzo shughulika na b peke yake, d usiifundishe kabisa nyumbani, hata akikosea kwenye homuweki msahihishe kwa upole upite. Najua shuleni ba be bi bo bu na da de di do du zimebandikwa ukutani jirani jirani, lakini pacha wawili ukitambulishwa siku moja utawachanganya mwaka mzima, ukimzoea mmoja kwanza wa pili unamjua kwa kuwa siyo yule. Dakika kumi kwa siku zinatosha, asubuhi au akishakula, siyo saa mbili usiku anasinzia.

Anza na kitu kikubwa. Chora b uwanjani kwa majivu au chaki, urefu kama hatua mbili zake, na chini yake chora mstari mrefu ndio "ardhi" ya herufi. Asimame juu kwenye ncha ya bakora, ateremke huku anasema "bakora", arudi hadi katikati, azunguke tumbo huku anatoa sauti b. Siyo "bii" wala "be", ni b fupi, akitaka aseme ba. Mara tatu, basi. Halafu asimame anyooshe mkono bila kukunja kiwiko aiandike hewani kubwa, bega lifanye kazi. Na hapa ndio wazazi wengi wanaharibu: wanasimama wametazamana na mtoto halafu wanamwandikia hewani. Wewe umeandika b, yeye anaona d! Simama ubavuni kwake au mbele yake umempa mgongo, mtazame upande mmoja. Mezani vilevile kaa upande wake, ukikaa ng'ambo kadi yako ya d yeye anaiona p.

Baada ya hapo sinia. Mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, unene kama wa kidole kilicholala, unga usiharibu na bei zilivyo. Aandike kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, polepole, mdomo ukisema kile mkono unachofanya. Kama unapata msasa dukani kwa fundi seremala, ule wa kulainishia mbao siyo ule mkali, kata herufi b ubandike kwenye kadibodi, apitishe vidole juu yake. Hilo siyo jipya, Maria Montessori aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907 alikuwa na herufi za msasa. Faida yake mtoto akitoka nje ya njia anahisi kwa kidole kabla wewe hujasema chochote. Hizi kadi ziwe na mstari mnene chini, kwa sababu kadi isiyo na chini ukiigeuza inakuwa herufi nyingine. Vile viherufi vya plastiki vya rangi usimpe kwa somo hili, cha b ukikipindua ndio d yenyewe, unamrudisha kwenye kikombe.

Mwisho daftari, b tano tu, moja moja mpaka iishe. Ukiona anashusha vijiti viwili mfululizo msimamishe.

Utajua b imekaa siku ambayo unamwambia "andika ba" na mkono unaanza kabla hajafikiri. Siyo tu kapata, hajasita. Hapo ndio unaleta d, kwa mtindo uleule, dafu kwanza, wiki moja peke yake. Mwonyeshe pia kwamba d ni c iliyopandishiwa mnazi, ile c anaijua kwenye ch, na kwenye a, b, ch, d wako jirani kabisa. Herufi kubwa B inaweza kumsaidia kwenye b, mwambie B kubwa imepoteza tumbo la juu, inabaki b. Ila D kubwa usiiguse, tumbo lake linaangalia kulia wakati la d dogo linaangalia kushoto, ukiitaja tu umebomoa.

Mdomo nao utumie, huu unatembea nao hata kwenye mtihani. Mwambie aseme "baba" mbele ya kioo, midomo inafumba kila mara, inakuwa mstari mmoja umenyooka kama bakora. Aseme "dada", midomo haigusani, ulimi ndio unapiga nyuma ya meno na mdomo uko wazi. Kwahiyo akitaka kuandika asijue, aseme neno polepole: midomo imefumba? bakora. Haijafumba? dafu. Hii ni ya kuandika. Akiwa anasoma haimsaidii sana maana bado hajui aseme nini.

Ya kusoma ni ngumi. Akunje ngumi mbili, gumba zote juu, azilete mbele ya kifua vifundo vitazamane, na aone kucha zake mwenyewe, asipoziona amegeuza mikono. Kushoto ni b, kulia ni d. Badala ya kitanda mpe neno "bado". b iko kushoto, d iko kulia, a imekaa katikati kwenye nafasi kati ya ngumi kama mtoto kati ya wazazi, o ipo nje inasubiri. Watoto wanalipenda hili kwa sababu wanapenda kusema bado hata bila kuulizwa. Akikutana na herufi anayoitilia shaka alinganishe na ngumi chini ya dawati, ni sekunde mbili. Ila iwe fimbo ya mguu mbovu, ya muda. Mtoto akishafika kulinganisha kila neno anasoma kama anahesabu pesa za watu, maana ya stori inapotea.

Siku ya kuchanganya, yaani wiki ya nne hivi, usianze na "baba" na "dada". Anza na maneno ambayo kosa linajionyesha: bata, dirisha, bega, duka. Akisoma "buka" atasikia mwenyewe kuna kitu. Halafu mpe yenye jirani msaidizi. Kwenye Kiswahili n ikitangulia inayofuata ni d, siyo b: ndizi, ndege, ndoo. Hakuna neno la kwetu lenye nb, jaribu kulitafuta. Kwahiyo akiona n basi hahitaji hata kufikiri. m usimpe kama kanuni, maana kuna mbuzi na mbegu ila kuna mdudu na mdomo. Baadaye ndio bado, debe, dobi, baridi, adabu. "Debe" ni mtego mzuri, kinyume cha bado, matumbo yako nje migongo inatazamana. Mwisho kabisa ndio vile vya kuonea: Baba analala. Dada analala. Dawa ya kuku. Bawa la kuku.

Akikosea usimwambie "wee! tena!", maana akiambiwa tena anabadilisha tu, ni mbili na mojawapo lazima iwe, anakisia kwa uso wako. Weka kidole chini ya herufi uulize "bakora au dafu?" kisha nyamaza. Aipitie kwa kidole, aseme. Na mara mojamoja uliza hivyohivyo hata akiwa amepatia, la sivyo swali lenyewe linakuwa jibu.

Kila Ijumaa kipimo kidogo. Karatasi moja herufi 20 zimechanganywa, b na d na a na p kidogo, mpe asome, hesabu makosa, andika tarehe. Kijana mmoja niliyekuwa naye darasa la pili, mtoto mtundu anachonga magari ya maboksi hatari, alianza na makosa 9. Wiki ya tatu akashuka hadi 4, wiki ya nne tulivyochanganya akapanda tena 7, mama yake akanijia amenuna. Kupanda kule ni kawaida, ndio siku za kwanza pacha wote wamekaa pamoja. Wiki ya saba alikosea 2 na zote mbili alirudi akajirekebisha kabla sijafungua mdomo. Kujirekebisha huko mimi nakuhesabia ni ushindi kuliko sifuri. Na alivyofika darasa la tatu, kwenye insha ya haraka haraka bado d moja moja ilikuwa inageuka, akiwa amechoka au anakimbizana na kengele. Hiyo usiipigie kelele, akipitia kazi yake mwenyewe anaziona.

Wako ana miaka saba na miezi, kwa hiyo bado yuko ndani ya umri. Kinachonifanya mimi nishtuke siyo b na d peke yake. Mjaribu kwa mdomo tu, bila kitabu: "sema kitabu bila ki", akwambie tabu. "Sema barua bila ba". "Bata na bakuli zinaanza sawa?" Kama haya anayaweza, na silabi kama ma, ku, lo anaunganisha neno, tatizo lake ni hizi pacha tu na zitaisha. Kama haya nayo yanamshinda, au majina ya herufi nyingine yanampotea leo anajua kesho hajui, au kusoma kwake ni kwa kubeba mgongoni kila silabi, au kwenu kuna mjomba ambaye kusoma kulimsumbua maisha yote, hapo usisubiri. Na hata bila hayo, akifika nane na nusu, umefanya kila siku miezi mitatu na makosa hayapungui, nenda kwa mwalimu wake na zile karatasi za Ijumaa zenye tarehe, muulize njia ya kumpata afisa elimu maalumu wa halmashauri. Kwa wasomaji wa Kenya huko mna vituo vya upimaji vya EARC, ulizieni. Wengi wanaokwama kwenye kusoma shida yao iko kwenye sauti za maneno zaidi kuliko kwenye maumbo ya herufi, kwahiyo huko watamfanyia kazi ya masikio, dafu na bakora peke yake havitatosha.

Mwalimu wake mwambie pia asimfutie neno zima kwa b iliyogeuka, aweke nukta ndogo chini ya herufi mtoto aitafute mwenyewe. Na umwombe wiki hizi mbili za b asimsimamishe mbele ya darasa kusoma kwa sauti.

Baba yake mpe kazi ya kuchora ile b ya uwanjani kwa majivu. Akiichora ikiangalia kule, mwache binti ndio amsahihishe.